Dokezo la mfasiri kwa mchapishaji: kwa nini "tabarnak" imebaki ilivyo

Ndugu Mhariri,

Kurasa ulizosahihisha zimenifikia. Nimeona kila lilipo neno "tabarnak", kiapizo cha Bibi katika komedia niliyoifasiri kutoka Kifaransa, umelizungushia wino mwekundu na kuandika pembeni "lifasiriwe", na katika onyesho la pili umependekeza "mwanaharamu". Naomba libaki lilivyo.

Bibi wa komedia hii ni mtu wa Montreal, mfua vitambaa vya altare. Wasemaji wa Kifaransa wa Quebec, jimbo la Kanada lenye mji huo, wakitaka kuapiza kwelikweli huingia kanisani na kutoka na vitu vya misa: tabernakulo, ambayo ndiyo hiyo "tabarnak", kalisi, siborio, hostia. Kanisa Katoliki ndilo lililoshika shule na hospitali zao hadi serikali ilipoanza kuzichukua katika miaka ya 1960, na watu waliobanwa hivyo walijua ni kitu gani kikitajwa vibaya kitauma. Leo wengi wao hawaendi tena misani, lakini viapizo vimebaki. Mwaka 2006 Jimbo Kuu la Montreal lenyewe lilibandika mabango yenye maneno hayo pamoja na maana zake halisi, kuwakumbusha watu wanachokitamka.

Sasa tazama tulicho nacho sisi. Matusi yetu mazito ni ya nguoni, au ya mama wa mtu, au ya nasaba kama hilo la kwako. Tena tusi letu lazima limpate mtu. Bibi anajigonga kidole gumba kwa nyundo, peke yake, chini ya bomba linalovuja. Mwanaharamu hapo ni nani? Nyundo? Nilijaribu pia "lahaula", lakini kwa hiyo Bibi anasilimu ghafla katikati ya onyesho. "Yesu na Maria" nayo ni dua, na Bibi hasali pale.

Kubwa zaidi ni yule padri mgeni kutoka Bukavu. Anasikia Bibi akipiga kelele "Tabarnak!" kutoka chini, anadhani wezi wameingia, anakimbia altareni kukagua, kisha anarudi akihema: "Tabernakulo iko salama, Bibi, na funguo ninazo mimi!" Onyesho zima linasimama juu ya kusikia vibaya huko. Kiswahili kimetupa bahati: Wakatoliki wetu nao husema tabernakulo, kwa hiyo sikio la msomaji linayaunganisha maneno mawili bila msaada wangu. Weka "mwanaharamu" na padri hana sababu ya kukimbia. Itabidi tufute kurasa nne.

Unahofia msomaji wa Tanga au Unguja asiyewahi kuingia kanisani. Mwandishi alishamfikiria: padri anapofunga mlango anamweleza mtoto wa mtumishi kwamba ndani ya kisanduku kile ndimo inamowekwa Ekaristi. Kwa hiyo sitaki tanbihi chini ya ukurasa. Mtu akishuka kusoma tanbihi, akipanda tena kicheko kimeshapoa. Aya moja mwanzoni mwa kitabu, kwa ajili ya waongozaji, inatosha.

Na Mkatoliki atakayekunja uso? Akunje. Hata Montreal kuna wanaokunja, na Bibi mwenyewe hupiga ishara ya msalaba kila akimaliza kuapiza.

Sikuviacha viapizo vyote, usinielewe vibaya. Vile vidogo vya mkwe nimevigeuza kuwa "jamani" na "ala!", na pale anapomfukuza dalali nimeandika "toweka hapa, kunguru wee", kwa kuwa pale kinachotakiwa ni hasira tu. Katika onyesho la kwanza, Bibi akiwa mbele ya wajukuu, Kifaransa chake kinalilainisha neno na kusema "tabarnouche". Mimi nimempa: "Taba... tabasamu, wajukuu zangu, tabasamu!" Nakiri naupenda mstari huu kuliko yote niliyoandika humo. Ukiliondoa neno la asili, nao unakufa.

Mawili kwa mpangaji wa kurasa. Neno lisiwekwe katika herufi za mlazo. Bibi halioni kuwa geni kinywani mwake. Pia tafadhali msiongeze irabu mwishoni. Toleo mlilonirudishia lina "tabanaki" mahali pawili, na najua ulimi wetu unaipenda hiyo "i", ila neno halitaishia tena kwenye silabi yenye mkazo na litasikika kama jina la kijiji. Mwigizaji alikate kwenye "nak", kama mlango unaobamizwa.

Ikiwa bodi yenu bado itaona lazima lifasiriwe, naomba nijulishwe kabla kitabu hakijaenda kiwandani, ili nimwandikie mwandishi kuhusu kuliondoa onyesho la padri. Sitaki libaki humo likiwa halichekeshi, na jina langu likiwa kwenye jalada.

Wako,
Mfasiri