Adhabu ya Kifo: Swali la Mjadala na Mwongozo wa Usahihishaji

Somo la Maadili na Dini, wanachuo wa ualimu mwaka wa pili. Saa 1, alama 20.

Tanzania haijamnyonga mfungwa yeyote tangu 1994, ingawa mahakama zimeendelea kutoa hukumu ya kifo. Mwaka 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha iliamua kwamba sheria inayomlazimisha jaji kutoa hukumu hiyo kwa kila aliyeua kwa kukusudia inavunja haki ya kuishi. Mahakama ya Juu ya Kenya ilikuwa imekataa ulazima wa namna hiyo 2017. Mwanzo 9:6 inataka damu ya muuaji imwagwe. Katika Yohana 8 mwanamke aliyetakiwa kupigwa mawe anaachwa aende. Kurani 2:178 inaweka kisasi, na papo hapo inawaruhusu ndugu wa marehemu kusamehe.

Swali: "Serikali inapomnyonga muuaji, ndipo ndugu wa marehemu wanapotendewa haki." Jadili.

Kwa wasahihishaji

Msimamo hauna alama. Anayekubali, anayekataa na anayekubali kwa masharti, wote wanaweza kupata 20.

Alama 6 ni za sababu zinazoubeba msimamo. Alama 5 ni za kutumia andiko, sheria au tukio kwa usahihi: mwanachuo aeleze linasema nini na linahusianaje na hoja yake. "Biblia imesema, basi" inapata 1, hata kama aya imenukuliwa bila kosa. Asiyetumia andiko lolote asiadhibiwe, mradi ushahidi wake una uzito.

Alama 7 ni za kukabili hoja ya upande wa pili, na hapa naomba msome taratibu. "Wengine wanapinga, lakini wamekosea" ni 0. Anayetetea kunyonga akauliza, "Je, ikigundulika baadaye kwamba aliyenyongwa hakuua?" kisha akajibu kwa kudai kiwango cha juu zaidi cha ushahidi, apewe 5 au zaidi. Vivyo hivyo anayepinga kunyonga, akikiri kwamba mama aliyeuliwa mwanawe ana uchungu ambao kifungo cha maisha huenda kisiuponye, kisha akaonyesha kwa nini bado anashikilia msimamo wake. Atakayegundua kwamba 2:178 inawapa ndugu sauti, ilhali jaji aliyefungwa na sheria hawezi kuwasikiliza, amefika mbali. Mpeni haki yake hata kama hitimisho lake linawachoma.

Alama 2 zilizobaki ni za mpangilio. Kejeli kwa dini ya mwenzake inazifuta zote mbili.

Kila karatasi isomwe na wasahihishaji wawili wa dini tofauti, majina ya wanachuo yakiwa yamefunikwa. Wakipishana kwa zaidi ya alama 3, wakae pamoja, kila mmoja aonyeshe sentensi iliyomfanya apunguze au aongeze. Asiyeweza kuionyesha, alama ya mwenzake ndiyo itakayoandikwa.