Barua ya Kuomba Likizo ya Uzazi

Grace Nabwire,
Mwalimu wa Kiswahili,
Idara ya Lugha,
Busia, Uganda.

29 Mei 2026

Mwalimu Mkuu,
Shuleni,
Busia.

Kupitia kwa: Mkuu wa Idara ya Lugha

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

KUH: OMBI LA LIKIZO YA UZAZI KUANZIA 29 JUNI HADI 18 SEPTEMBA 2026

Shikamoo, Mwalimu. Naandika kufuatia mazungumzo yetu ya wiki ya kufungua muhula, ili yale tuliyoongea ofisini yawe kwenye maandishi na mwalimu wa kushika nafasi yangu atafutwe mapema.

Mimi ni mjamzito, na sasa nimeingia wiki ya 34. Mkunga wa kliniki ninayohudhuria amekadiria kwamba nitajifungua tarehe 12 Julai 2026, na kipimo cha skani kilikubaliana na hesabu yake. Nimeambatisha barua yake pamoja na nakala ya kadi ya kliniki. Mtoto ana hiari yake, kwa hiyo tarehe hiyo inaweza kusogea wiki mbili mbele au nyuma.

Naomba likizo ya siku 60 za kazi yenye mshahara kamili, kama inavyoelekezwa na Sheria ya Ajira ya mwaka 2006. Nimehesabu Jumatatu hadi Ijumaa, na zile wiki za mapumziko ya Agosti nimezitia humo humo. Siombi zirudishwe baadaye. Kwa hesabu hiyo likizo itaanza Jumatatu 29 Juni na kuisha Ijumaa 18 Septemba. Nitaripoti kazini Jumatatu 21 Septemba 2026, saa moja asubuhi.

Ulinishauri nisubiri hadi karibu kabisa na tarehe ya kujifungua ili gharama ya mwalimu wa muda ipungue. Nimeufikiria ushauri huo kwa heshima, lakini naomba nibaki na 29 Juni. Nafika shuleni kwa bodaboda kupitia barabara ya vumbi ambayo mvua imeichimba, nafundisha nikiwa nimesimama, na vyumba vya kidato cha nne viko ghorofani. Mkunga ameniambia waziwazi kwamba wiki mbili za mwisho nipumzike. Tena sheria inataka angalau wiki nne za likizo ziwe baada ya kujifungua. Hata mtoto akichelewa hadi mwisho wa Julai, mpango wangu unatimiza sharti hilo na kubakiza.

Linaloniumiza kichwa zaidi ni kidato cha nne. Hawa wataingia kwenye mtihani wa UCE mwezi Oktoba, na wengi wao wamekulia hapa mpakani. Wanapatana bei sokoni kwa Kiswahili tangu utotoni, basi wanadhani wanakijua, halafu upatanisho wa kisarufi unawaangusha kwenye karatasi. Nimepanga hivi: mada mpya zote zilizobaki nitazimaliza kabla ya 26 Juni, ili atakayenishikia awe na kazi ya marudio tu, yaani ufahamu, utungaji na sarufi. Karatasi ya mtihani wa majaribio pamoja na mwongozo wa kusahihisha nitaviacha kwa Mkurugenzi wa Masomo vikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa. Alama za tathmini endelevu, ambazo zinabeba asilimia 20 ya matokeo ya UCE, nitazikabidhi zikiwa zimejazwa hadi siku yangu ya mwisho, pamoja na kazi zenyewe za wanafunzi kama ushahidi. Sitaki mwanafunzi hata mmoja akose alama kwa sababu daftari lilikuwa nyumbani kwangu.

Mwenzangu anayefundisha kidato cha kwanza na cha pili amekubali kuchukua mikondo yote miwili ya kidato cha nne, mradi vipindi vyake vya kidato cha kwanza vipate mtu. Hapo ndipo mwalimu wa muda anapohitajika. Ni rahisi zaidi kumpata mtu wa kufundisha wanaoanza kuliko kumkabidhi mgeni darasa la watahiniwa. Kidato cha tatu, ninachokifundisha pia, Mkuu wa Idara amesema atakibeba mwenyewe. Bweni la wasichana ninalolilea naomba likabidhiwe kwa matroni. Yeye analijua kuliko mimi.

Nitakapokuwa nyumbani, simu yangu itakuwa wazi kwa maswali madogo, kama vile faili fulani iko wapi au mwanafunzi fulani alifikia wapi. Kusahihisha mitihani ya majaribio na kuandika ripoti za mwisho wa muhula sitaweza, na ni afadhali niseme leo kuliko kuletewa magunia ya karatasi wiki ya pili baada ya kujifungua.

Kuhusu kurudi, naomba nirejee kwenye nafasi yangu hii hii, yaani kidato cha tatu na cha nne. Nasema hivi kwa sababu nimesikia ikipendekezwa, kwa nia njema nadhani, kwamba mama mwenye mtoto mchanga apewe madarasa mepesi. Nashukuru kwa huruma hiyo, lakini watahiniwa hawa nimekuwa nao tangu kidato cha kwanza na ningependa kuwafikisha kwenye mlango wa chumba cha mtihani. Wiki ile ya kwanza nitaketi na mwenzangu tupitie matokeo ya mtihani wa majaribio, tuwatenge wanaohitaji msaada wa karibu, kisha nianze nao mara moja.

Nikirudi, mtoto atakuwa na wiki kama kumi tu, na nakusudia kumnyonyesha maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi sita. Mama mkwe atakuja kukaa nasi na atamleta shuleni. Kwa hiyo naomba mambo mawili: nipate nafasi ya kumnyonyesha wakati wa mapumziko ya saa nne na wakati wa chakula cha mchana, katika kile chumba kidogo kilicho nyuma ya maktaba, na nisipangiwe zamu ya prepu za usiku hadi mwaka mpya wa shule uanze. Zamu za asubuhi nitazifanya zaidi ya fungu langu kufidia, na walimu wawili wa idara wamekubali tubadilishane.

Naomba pia ofisi ya mweka hazina iendelee kupeleka mchango wa NSSF kwa miezi yote ya likizo, ule wangu wa asilimia 5 na wa shule wa asilimia 10, kama kawaida.

Ikiwa nitashikwa na uchungu mapema, mume wangu atakupigia simu siku hiyo hiyo, na likizo ihesabiwe kuanzia siku hiyo. Ikiwa nitajifungua kwa upasuaji, au likitokea jambo jingine litakalomfanya daktari aniongezee muda, nitaleta cheti chake kabla ya 18 Septemba ili muda huo uombwe kama likizo ya ugonjwa.

Naomba jibu la maandishi kufikia Ijumaa 12 Juni, ili wiki mbili zitakazobaki zitutoshe kumwelekeza mwalimu wa muda akiwa ndani ya darasa pamoja nami.

Wako mtiifu,

(Sahihi)
Grace Nabwire
Mwalimu wa Kiswahili, kidato cha tatu na cha nne

Viambatisho: barua ya mkunga, nakala ya kadi ya kliniki, mpango wa masomo ya kidato cha tatu na cha nne hadi Septemba

Nakala: Mkurugenzi wa Masomo, Mweka Hazina