Yah: Muhtasari wa uamuzi wa kutofungua mashtaka, jalada la upelelezi namba 417/2024

10 Juni 2024

Ndugu Mlalamikaji,

Pole sana kwa yaliyokupata usiku wa tarehe 2 Februari, na pole pia kwa kusubiri. Mimi ndiye mwendesha mashtaka niliyepitia jalada lako tangu lilipofika ofisini kwetu tarehe 22 Aprili. Nimeamua kwamba jirani yako, uliyemtaja kuwa ndiye aliyekupiga, hatafikishwa mahakamani kwa ushahidi uliopo sasa. Najua si habari uliyoitarajia. Una haki ya kujua nimefikaje hapo, na una njia za kuupinga uamuzi huu. Naomba uisome barua yote, na mwenzako unayemwamini aisome pia.

Kwanza niseme jambo ambalo halina ubishi. Ulipigwa. Picha ya eksirei inaonyesha mifupa yote miwili ya mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, imevunjika, na daktari ameandika kwamba jeraha la namna hiyo linaweza kutokana na kupigwa na kitu kigumu wakati mtu ameinua mkono kujikinga. Hivyo hivyo ndivyo ulivyoeleza. Kosa la jinai lilitendeka, na hakuna mahali katika jalada ninapoona umesema uongo. Swali lililobaki ni moja tu: ni nani aliyekupiga, na je, tunaweza kulithibitisha hilo mahakamani?

Kipimo tulichotumia

Katika kesi ya jinai, mzigo wa kuthibitisha uko kwa upande wa mashtaka mwanzo hadi mwisho, na ni lazima tuthibitishe pasipo kuacha shaka ya msingi. Mshtakiwa halazimiki kuthibitisha chochote, na kunyamaza kwake hakuzibi pengo letu. Kwa hiyo kabla ya kumfungulia mtu mashtaka ninajiuliza: mahakama ikiusikiliza ushahidi huu wote, pamoja na maswali ya utetezi, kuna matarajio ya kweli kwamba atatiwa hatiani? Jibu likiwa ndiyo, ndipo naangalia kama mashtaka yana maslahi kwa umma. Katika jalada lako swali la pili halikuwa na tabu, kwa kuwa kumvizia mtu langoni kwake usiku na kumvunja mkono ni jambo zito. Tumekwama kwenye la kwanza.

Sababu

Iliyo nzito kuliko zote ni utambuzi. Tukio lilikuwa saa 3:40 usiku, taa ya langoni ilikuwa imezimika, na mwanga pekee ulitoka dirishani kwako, karibu hatua kumi na tano nyuma yako. Aliyekupiga alikuwa amejifunika kofia ya koti. Wewe mwenyewe umekadiria kwamba yote yalikwisha kwa sekunde tano au sita. Mahakama hupima utambuzi wa macho kwa kuangalia mwanga ulikuwa kiasi gani, umbali ulikuwaje, mtu aliangaliwa kwa muda gani, na kama shahidi alimfahamu kabla. Katika hivyo vyote, kimoja tu kiko upande wetu: unamfahamu jirani yako kwa zaidi ya miaka minane. Lakini hata anayemfahamu mtu vizuri anaweza kumfananisha gizani, na ndiyo maana mahakama huwa na tahadhari kubwa na ushahidi wa aina hii ukisimama peke yake.

Kisha kuna maelezo yako mawili. Haya nimeyasoma mara nyingi kuliko karatasi nyingine yoyote ya jalada. Ya kwanza uliandikisha wodini asubuhi ya tarehe 3 Februari, mkono ukiwa kwenye banzi, na juu ya sahihi yako pana sentensi hii: "Mtu huyo sikumtambua, alikuwa amejifunika kofia ya koti." Ya pili uliandikisha kituoni tarehe 12 Februari, siku tisa baadaye, ukamtaja jirani yako kwa sauti yake na namna anavyotembea. Ulieleza kwamba ile asubuhi ulikuwa umelemewa na maumivu na dawa, na uliogopa kumtaja mtu unayepakana naye ukuta. Mimi maelezo hayo nayaona ya kuaminika. Ila haitoshi mimi kuyaona hivyo. Tarehe 6 Mei nililirudisha jalada kwa mpelelezi nikimtaka amhoji muuguzi aliyekuwa zamu. Muuguzi anasema ulikuwa na maumivu makali, lakini ulikuwa na fahamu zako na ulikuwa unajibu maswali vizuri. Nilitumaini jibu lake litatusaidia, na limekuwa zito dhidi yetu. Kwa kawaida shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ndiye anayeaminika zaidi, na utetezi utaisoma sentensi ile mbele ya hakimu.

Kuhusu sauti, ulisikia maneno mawili: "Si nilikuonya!" Utambuzi wa sauti unakubalika, lakini ni dhaifu kuliko wa macho. Maneno yalikuwa machache, yalisemwa kwa hasira, na uliyasikia wakati tayari unaanguka. Shahidi wa nyumba ya pili alisikia kelele hizo hizo, akatoka, akamwona kwa nyuma mtu akikimbia. Hakuweza kusema ni nani, wala hakuitambua sauti, ingawa naye anamfahamu jirani yako.

Jirani yako anadai alikuwa kazini, kilomita tisa kutoka hapo. Daftari la zamu linaonyesha aliingia saa 1 usiku, wenzake wawili wanasema walikuwa naye, na kamera ya lango kuu ilimnasa akiingia lakini haikumnasa akitoka hadi saa 12:20 asubuhi. Daftari hujazwa kwa mkono, na kamera haionyeshi mlango wa nyuma. Kwa hiyo sisemi kwamba haiwezekani alitoka. Nasema hatuna wa kuthibitisha kwamba alitoka, na kazi ya kuthibitisha ni yetu.

Ule ujumbe aliokutumia tarehe 30 Januari kuhusu mpaka wa kiwanja, "endelea tu, utaona", nimeupa uzito. Unaonyesha ugomvi na chuki. Simu yake pia ilikuwa imezimwa kuanzia saa 2 hadi saa 5 usiku ule. Mambo haya mawili yananifanya nimshuku. Hata hivyo ushahidi wa mazingira lazima uungane kama mnyororo hadi usibaki na maelezo mengine yoyote ya busara, na hapa mnyororo unakatika pale pale kwenye swali la nani alikuwa langoni.

Kuhusu nondo uliyopigwa nayo, sina budi kukueleza ukweli ingawa unauma. Iliokotwa na majirani, ikapita mikononi mwa watu wasiopungua wanne, ikakaa usiku kucha barazani kwako kabla ya askari kuichukua. Hakuna alama za vidole zilizopatikana za kutumika. Kielelezo hicho kinathibitisha ulipigwa na kitu gani, hakithibitishi ulipigwa na nani.

Labda utauliza kwa nini tusijaribu tu, mahakama iamue. Nimelifikiria hilo. Mtu akishtakiwa, kesi ikasikilizwa na akaachiwa huru, hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lile lile, hata ushahidi mzuri ukipatikana mwezi unaofuata. Uamuzi wangu wa leo si hukumu na haumsafishi mtu. Akijitokeza shahidi aliyemwona akitoka kazini, au ikipatikana picha ya kamera nyingine, jalada hili linaweza kufunguliwa tena.

Unachoweza kufanya

Njia ya karibu na isiyo na gharama ni kuomba mapitio ndani ya ofisi yetu. Andika barua, hata kwa mkono, utaje namba ya jalada, uiwasilishe masjala kabla au ifikapo tarehe 10 Julai 2024. Ukichelewa kwa sababu ya msingi, kama vile matibabu, ieleze. Jalada litapewa mwendesha mashtaka mwandamizi ambaye hakushiriki kabisa katika uamuzi huu, na ataanza upya kwa macho yake. Anaweza kukubaliana nami, kulirudisha jalada kwa upelelezi zaidi, au kuelekeza mashtaka yafunguliwe. Si lazima uandike kwa lugha ya sheria. Kitakachosaidia zaidi ni kuonyesha nilichokosea au nilichoruka: shahidi ambaye hakuhojiwa, jambo nililolielewa vibaya, swali ambalo mpelelezi hakuliuliza. Kama kuna mtu uliyemweleza jina la jirani yako usiku ule ule au asubuhi ile, kabla ya tarehe 12 Februari, mtaje. Katika jalada sikumkuta, na mtu huyo angebadilisha mengi.

Ukiwa hukuridhika na mapitio hayo, unaweza kuiomba mahakama iuchunguze uamuzi. Mahakama haitaamua kama jirani yako ana hatia. Itaangalia kama tulifuata sheria, kama tulizingatia yaliyostahili, na kama uamuzi ni wa busara. Njia hii ina muda mfupi na gharama, hivyo muone wakili au kituo cha msaada wa kisheria kabla hujaianza. Ipo pia njia ya kufungua mashtaka binafsi kwa kibali cha mahakama, ila kipimo cha ushahidi kinabaki kile kile, na ofisi yetu ina mamlaka ya kuichukua kesi hiyo na hata kuiondoa.

Kesi ya madai ni jambo jingine kabisa. Huko unadai fidia ya matibabu, kipato ulichopoteza na maumivu, na kipimo ni chepesi zaidi: mahakama inatazama upande upi una uwezekano mkubwa wa kuwa kweli. Huhitaji ruhusa yetu, na uamuzi wangu haukuzuii. Madai yana ukomo wa muda wa kuyafungua, na muda huo hausimami kusubiri mapitio, kwa hiyo usikae. Kama unalalamikia jinsi upelelezi ulivyoendeshwa, hasa ile nondo kuachwa hadi asubuhi, unaweza kuandika malalamiko kwa mkuu wa kituo. Malalamiko hayo hayachukui nafasi ya mapitio, nayo mapitio hayachukui nafasi yake.

Jirani yako ataarifiwa kuhusu uamuzi huu wiki hii. Usimfuate wala usijibizane naye. Akikutishia, akikutumia ujumbe au akikusogelea kwa shari, toa taarifa siku hiyo hiyo, usifute chochote kwenye simu, na unaweza kuiomba mahakama amri ya kumzuia asikukaribie bila kusubiri kesi yoyote.

Simu yako na koti ulilovaa vinaweza kuchukuliwa kituoni kuanzia kesho, ukiwa na kitambulisho. Nondo itabaki kama kielelezo hadi muda wa mapitio upite au mapitio yaishe.

Nimetenga Jumatano, tarehe 19 Juni, saa 4 asubuhi, ili tukae tupitie sababu hizi uso kwa uso, na maelezo yako yote mawili yatakuwa mezani uyasome. Njoo na mtu wako ukipenda. Usipoweza kufika siku hiyo, mjulishe karani wa masjala akupangie nyingine kabla ya tarehe 10 Julai.

Wako,

Mwendesha Mashtaka wa Serikali
aliyepitia jalada namba 417/2024