Hotuba ya mwenyekiti wa vijana wa kata kwa wanafunzi wa sekondari, Tanga

Mheshimiwa Mkuu wa Shule, walimu na walezi wa mabweni, shikamooni. Wadogo zangu mliosimama hapa paredi, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu dawa za kulevya, nami nimeona nisianze na unga wala bangi, bali nianze na rafiki. Katika miaka sita ya kuwatembelea vijana wa kata yetu majumbani na vijiweni, sijakutana hata na mmoja aliyeniambia kwamba mara ya kwanza alipewa na mtu asiyemjua. Alipewa na aliyekaa naye dawati moja, au na binamu yake, au na kaka wa mtaani aliyekwisha kumnunulia soda mara mbili tatu. Alipewa bure, tena kwa maneno matamu.

Nilipokuwa kidato cha tatu, rafiki yangu ambaye tulikuwa tukigawana chapati moja kila mapumziko aliniita nyuma ya ukuta wa uwanja wa mpira, akatoa msokoto uliofungwa kwa karatasi ya daftari la hesabu, vile viboksi vyake bado vikionekana, akaniambia: "Vuta pafu moja tu, au bado unanyonya?" Wenzetu watatu walikuwa wakinitazama. Ule moshi sikuutamani hata kidogo. Kilichonielemea ni macho ya wale watatu. Nilisema mjomba ananisubiri getini, nikaondoka huku miguu ikitetemeka, na wiki nzima nikaitwa mwoga.

Si kila anayevuta bangi huishia kwenye heroini, na sitawatisha kwa uongo, kwa maana mkigundua nimewadanganya katika hili hamtaniamini katika mengine. Lakini rafiki yangu aliishia huko. Miaka miwili baadaye nilimkuta kwao mwezi wa Januari, katika joto hili la Tanga mnalolijua, amejifunika blanketi, makamasi yanamtoka, anajikunja kwa maumivu ya tumbo na viungo, na mama yake ameketi kitandani na kikombe cha uji ambacho hakuweza kukinywa. Hiyo ndiyo arosto. Hakuwa akitafuta starehe tena. Alitafuta kete ili aweze kusimama tu. Jikoni sufuria zilikuwa zimebaki mbili, nyingine alikwisha kuziuza.

Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi umri wa miaka 25 hivi, na sehemu inayochelewa ni ileile inayopima matokeo na kutuzuia, ndiyo maana anayeanza akiwa na miaka 15 hunaswa upesi kuliko anayeanza akiwa mtu mzima. Nasi tunaishi pwani, mahali ambapo unga unaotoka Afghanistan huletwa kwa majahazi kutoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, kisha ukachanganywa na vitu ambavyo hata muuzaji wa kete hawezi kukutajia. Bangi nayo siku hizi hutiwa ndani ya keki na biskuti, kwa hiyo anayekuambia "hii huvuti, unakula tu" bado anakupa bangi. Na anayekuomba umpelekee kifurushi mtaa wa pili asikuhadae kwamba ni msaada mdogo: Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inafika hadi kifungo cha maisha kwa msafirishaji.

Ninachowaomba ni kuandaa jibu leo, mkiwa mmetulia, kwa sababu ukishazungukwa akili haitakupa maneno. Sema "sitaki" mara moja, usibishane, ondoka. Ukishindwa kusema hivyo, msingizie mjomba kama nilivyofanya mimi. Na wewe uliye miongoni mwa wale watatu wanaotazama, ukisema tu "mwache, twende zetu", mwenzako amepata njia ya kutoka.

Walimu wangu, kwa heshima zote, mtoto atakayekuja mwenyewe kukiri kwamba ameonja apelekwe kwa mwalimu wa ushauri nasaha kabla ya kupelekwa kwenye kamati ya nidhamu. Tukimfukuza, kijiwe kitampokea siku hiyohiyo.

Tiba ipo. Huduma ya methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto, ilianza Muhimbili mwaka 2011, na sasa inatolewa hata hapa Tanga, katika Hospitali ya Bombo. Rafiki yangu huenda huko kila asubuhi kunywa dozi yake mbele ya muuguzi, kisha huenda kwenye kazi yake ya useremala, na ni yeye aliyeniruhusu nisimulie habari zake hapa.

Nitakaa chini ya ule mwembe wa karibu na maktaba hadi saa sita mchana. Anayeona haya kuja anaweza kupiga simu 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, bila malipo. Asanteni kwa kunisikiliza.