Ulinganisho wa kotesheni tatu za bima ya safari, tarehe 6 hadi 23 Septemba

Mzee na Mama,

Kotesheni zote tatu zimefika. Tumezipima kwa safari yenu ilivyo: watu wawili, miaka 63 na 58, siku 18, dola 6,400 zimeshalipwa na hazirudishwi, yaani 3,200 kila mmoja. Mtapanda mlima hadi mita 4,200, mtazamia baharini hadi mita 25 na kukodi skuta ya cc 125. Mzee ana presha, na dozi yake ilibadilishwa tarehe 12 Mei.

| | A | B | C |
|---|---|---|---|
| Ada kwa wawili | dola 118 | dola 234 | dola 171 |
| Kikomo cha matibabu, kila mtu | 100,000 | 1,000,000 | 500,000 |
| Kumsafirisha mgonjwa | ndani ya kikomo hicho | ndani ya kikomo hicho | 50,000 tu, kando |
| Kuvunjika kwa safari, kila mtu | 1,500 | 3,500 | 5,000 |
| Mwisho wa kupanda mlima | mita 3,000 | mita 4,500 | mita 4,000 |
| Mwisho wa kuzamia | mita 18 | mita 30, kwa cheti | mita 30, kwa cheti |
| Skuta | haimo | hadi cc 125 | hadi cc 125 |
| Ekses | 250 | 100 | 150. Miaka 60 na zaidi, 300 |

Ada ya B ina dola 38 za presha ya Mzee, na hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. A haiulizi lolote kuhusu afya, na urahisi huo unadanganya: ndani ya masharti inakataa kila ugonjwa uliokuwapo kabla ya kukata bima. C inaukubali, ila dozi iwe haijabadilika kwa siku 180 kabla ya kuondoka. Kwa Mzee siku hizo zinatimia tarehe 8 Novemba. B inataka siku 90, na hadi tarehe 6 Septemba zitakuwa zimepita 117. Sharti hili haliishii hospitali. Presha ikimlaza Mzee wiki moja kabla ya safari, A na C hazitarudisha hata nauli.

Kikomo cha C kinaonekana kikubwa mpaka mgonjwa ahitaji kurudishwa nyumbani. Ndege ya wagonjwa ya kuvuka bara, yenye daktari na muuguzi, inaweza kupita dola 100,000. Zile 500,000 za hospitali haziruhusiwi kuziba pengo hilo, kwa hiyo familia ndiyo itakayolipa.

Safari yote ikivunjika kwa sababu inayokubalika, A inakata ekses, yaani sehemu ya hasara mnayobeba wenyewe, kwenye kikomo chenyewe: 1,500 kutoa 250, mara mbili, mnapata 2,500 kati ya 6,400. B italipa 6,200. C italipa 5,950. Kikomo chake cha 5,000 hakiwaongezei kitu, kwa sababu hakuna bima inayorudisha zaidi ya mlichopoteza. Kubadili nia tu hakulipwi na yeyote kati yao.

Kwenye ekses, muhimu ni kujua inakatwa mara ngapi. A inakata kwa kila kifungu. Mkiporwa mabegi yote mawili na Mama akaumia mkono, hayo ni madai matatu: dola 750. B inakata kwa mtu kwa tukio, 200 jumla. C nayo hivyo hivyo, lakini kwa umri wa Mzee inafika 450.

Mlimani, A na C hazifai. Mita 200 zinatosha kuitoa C: mkiugua mkiwa juu ya mita 4,000, dai linakataliwa, hata kama sehemu kubwa ya njia ilikuwa chini.

Tunashauri B. Dola 63 za ziada juu ya C zinanunua presha, mlima na kurudishwa nyumbani. Kotesheni inaisha tarehe 28 Julai. Lipeni mapema, kwa kuwa ulinzi wa kuvunjika kwa safari unaanza siku hati inapotolewa, ilhali ule wa matibabu unaanza siku ya kuondoka.

Kwenye skuta, B inadai leseni ya pikipiki na helmeti. Leseni ya Mama ni ya gari tu, kwa hiyo asiendeshe. Akipanda nyuma ya Mzee mwenye leseni, analindwa. Mkilazwa popote, pigeni namba ya dharura iliyo kwenye hati kabla ya kusaini fomu za hospitali. Gharama ambazo hawakuziidhinisha wanaweza kuzikataa.

Jambo moja mlirekebishe sasa. Ratiba inaonyesha mnazamia mchana wa tarehe 22 na kuruka asubuhi ya tarehe 23. B haifidii madhara ya kuzamia kwa anayepanda ndege kabla ya saa 24 kupita. Naitrojeni iliyobaki mwilini hutoa mapovu hewa ya ndege inapopungua mgandamizo, na hilo ni hatari hata bima isingekuwapo. Mwombeni mwalimu wa kuzamia asogeze siku hiyo hadi tarehe 21, kisha mtutumie ratiba mpya tuiambatanishe na ombi.