Mchaga aliyenipigia simu

Msiba wa mama ulijaa watu. Waliochanga, walioleta maturubai, waliokesha jikoni, wote nawashukuru, na majina yao yamo kwenye daftari la rambirambi. Ninayemfikiria mara nyingi kuliko wote hayumo humo. Ni kaka mmoja niliyekutana naye kwenye benchi la korido ya hospitali, Dar es Salaam, Machi 2017, na hata jina lake sikulishika.

Mama alikuwa anaumwa figo. Saa kumi usiku nesi alitoka wodini akaniita pembeni. Ukiitwa pembeni saa hiyo, umeshaambiwa. Nikarudi kwenye benchi nikafungua namba ya mjomba, nikafunga. Nikafungua tena. Machozi hayakuja, ila ulimi uligoma kabisa. Mimi ndiye mtoto mkubwa, ndiye niliyekuwa Dar na mgonjwa, na ukoo wote ulioko Same na Dodoma ulikuwa umelala ukisubiri kuamshwa na mimi.

Yule kaka alikuwa anamuuguza baba yake wodi ya pili. Tulikuwa tumeshaazimana chaja, basi. Akasogea. Hakusema pole. Aliuliza, "Dada, kwenu nani ana moyo mgumu? Tuanze na huyo."

Nikasema mjomba. Akauliza nani ana presha. Nikasema bibi, mama yake mama. Akatoa risiti ya dawa mfukoni, akaandika majina nyuma yake kwa kalamu iliyokuwa inakatakata wino, mengine juu, mengine chini. Bibi asipigiwe, mjomba aende mwenyewe kukishakucha, aongozane na jirani mmoja. Mdogo wangu aliyekuwa anasoma chuo Dodoma naye asipigiwe. "Atasikia akiwa peke yake hosteli, halafu apande basi na hali hiyo? Hapana. Mna ndugu Dodoma?" Tulikuwa na binamu. Basi binamu aende amchukue, amwambie wakiwa pamoja, wasafiri pamoja.

Kisha akaniomba simu, akaifuta kwenye shati, akapiga.

"Shikamoo mzee. Samahani kwa saa hizi. Niko na binti yako hapa hospitali." Hakusema mama amefariki. Alisema, "Mzee, umekaa? Kaa kwanza." Kwetu maneno hayo yanatosha. Nilimsikia mjomba akianza kuongea Kipare, kwa sauti ya juu, bila kituo. Kaka akamwacha amalize, ndipo akasema taratibu, "Mzee, hicho Kipare sikisikii. Mimi Mchaga."

Kimya. Halafu mjomba, katika saa mbaya kuliko zote maishani mwake, akamjibu kwa Kiswahili: "Yaani dada yangu anakufa, na wa kuniambia ni Mchaga?"

Wasiojua utani wa Wapare na Wachaga wataona ni ukatili. Lakini mtani ana kazi yake msibani tangu zamani, na mjomba aliposikia mtani yupo alijua nisingebaki peke yangu pale. Baada ya hapo waliongea mambo ya maana: kibali cha mazishi, jeneza, gari, nani atangulie Same kuandaa kaburi. Kila jina lililopigiwa lilikatwa mstari kwenye ile risiti.

Pole nilipewa nyingi mwaka ule, na "kazi ya Mungu haina makosa" nimeisikia mpaka ikakosa ladha. Sizibezi, mtu huna lingine la kusema. Ila nimejiuliza sana kwa nini huyu mmoja aliganda moyoni, na jibu langu limebadilika. Mwanzoni nilidhani ni ule upole wake. Siku hizi nadhani ni lile swali. Lilitoka haraka mno, limeiva. Mtu halitungi swali kama lile papo hapo saa kumi usiku kwa ajili ya dada asiyemjua. Nahisi alikuwa ameshakaa kwenye benchi lile akipanga simu za baba yake, nani aanze, nani afichwe, nani aende kwa bibi. Mpango ule wa siri, ambao mtu anaona hata haya kuwa nao mgonjwa angali hai, alinipa mimi nikautumia kwanza.

Baba yake sijui aliendeleaje. Asubuhi ndugu zangu wa Mbagala walifika, nikavutwa huku na huku kwenye makaratasi, na nilipopata nafasi ya kumtafuta benchi lilikuwa na watu wengine.

Mjomba naye hajamsahau, kwa namna yake. Kila tukikutana Same wakati wa sikukuu anamuulizia "yule Mchaga wako", na kulalamika mbele ya watoto kwamba mtani gani anatangaza msiba halafu haji kuchimba kaburi, wala kudai mbuzi wake.