Muhtasari kwa mteja: kwa nini jengo hili linahitaji paili

Jengo lako la ghorofa nne halitakaa salama juu ya misingi ya kina kifupi katika kiwanja hiki. Tunashauri lijengwe juu ya paili, yaani nguzo ndefu zinazozama ardhini hadi kwenye tabaka imara. Mashimo yote manne ya uchunguzi yalikuta hali ileile: chini ya kifusi cha mita 1.5 kuna udongo wa mfinyanzi, laini na uliojaa maji, unaofika mita 9 upande wa magharibi na mita 11 upande wa mashariki, kisha unaanza mchanga ulioshikana. Mfinyanzi huo unabonyea kwa kidole gumba. Katika kipimo cha kupigilia, ambapo nyundo ya kilo 63.5 huangushwa kutoka sentimita 76, mapigo mawili yalitosha kuzamisha chombo sentimita 30. Kwenye mchanga yalihitajika zaidi ya 35. Udongo wa juu hatuwezi kuutwisha zaidi ya tani 4 kwa mita ya mraba. Nguzo ya katikati inashusha tani 90, kwa hiyo kitako chake kingetaka karibu mita 4.75 kila upande, na nguzo zenyewe zimeachana mita 5 tu, hivyo vitako vingekaribia kugusana. Je, tusimwage bamba moja la zege chini ya jengo zima? Tulilipigia hesabu. Lingetawanya mzigo vizuri, ila lisingezuia jengo kutitia: mfinyanzi ukilemewa hukamuka maji polepole, kwa miaka, na tunakadiria jengo lingeshuka milimita 140 hadi 180, wakati kikomo tulichoweka ni 50. Tena lisingeshuka sawasawa. Mashariki, kwenye tabaka nene, lingeshuka zaidi. Kuta zingepata nyufa, milango ingegoma kufunga, na mabomba ya majitaka yangekatika pale yanapotoka nje. Kuchimba mfinyanzi wote na kujaza upya, huku maji yakiwa mita 1 kutoka juu, ni gharama tusiyoweza kukushauri uibebe. Paili tunazopendekeza ni nguzo za zege na nondo, kipenyo milimita 600, zinazochimbwa hadi mita 16, ili zipite tabaka laini na kuukabidhi mchanga mzigo. Kila moja itabeba tani 50, baada ya kutoa uzito wa kifusi na mfinyanzi ambao, ukiendelea kutitia, huzivuta paili chini. Nguzo ya katikati itapewa mbili. Paili moja itajaribiwa kwa mzigo kabla ya nyingine kuchimbwa, na jaribio hilo tunaomba lisipunguzwe kwenye bajeti. Sakafu ya chini nayo isilazwe juu ya kifusi. Ibebwe na mihimili iliyokaa juu ya vichwa vya paili, la sivyo jengo litabaki palepale na sakafu itashuka peke yake.